Wiki ya nne ya fildi: Namna ya kuuliza "nakosea wapi?" bila kuonekana hujiamini

NAMANGA. Mfanyabiashara anayepeleka mahindi Kenya kupitia Namanga hujua jina la wakala wake, na mara nyingi humjua hata kwa sauti ya simu. Asichokijua ni kwamba karatasi za mzigo wake huenda zimeandaliwa kwanza na kijana aliyeanza kazi wiki tatu zilizopita, ambaye baada ya wiki nyingine tano atarudi chuoni. Huyo ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Tanzania tumezoea kuyaita fildi, na jirani zetu wa Kenya huyaita atachimenti. Ofisi za uwakala wa forodha huwapokea vijana hawa kila mwaka.

Wengi wao hukaa wiki nane bila kuambiwa kitu chochote kuhusu kazi yao. Si kwamba mabosi ni wakali. Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Lori limesimama, dereva anapiga simu, mwenye mzigo anauliza. Wakala mzoefu anapokagua rasimu ya tamko la forodha aliyoiandaa mwanafunzi na kuona kosa, hamwiti kumfundisha. Analirekebisha mwenyewe kwa dakika mbili, anatuma, lori linaondoka. Mwanafunzi anaona mzigo umepita, naye anaamini aliandika sawasawa. Kesho anarudia kosa lilelile.

Tangu Namanga iwe kituo cha huduma kwa pamoja, kosa limezidi kuwa mbali na macho ya aliyelifanya. Lori linalotoka Tanzania hukaguliwa upande wa Kenya, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Karatasi iliyoandikwa vibaya ofisini upande wa Tanzania hugunduliwa kule ng'ambo, na anayeitwa kueleza ni wakala mwenye leseni. Kijana yuko mezani kwake, hana habari.

Kwa hiyo katika kazi hii asiyeuliza haambiwi. Tatizo ni kwamba wengi wakiuliza huuliza vibaya, wakaonekana wanaomba kubembelezwa.

Chukua mfano wa binti mmoja wa stashahada aliyekuwa katika ofisi mojawapo mpakani hapo. Wiki mbili za mwanzo alikuwa akimuuliza mkuu wake kila jioni, "Mama, naendeleaje?" Jibu lilikuwa moja siku zote: "Unaendelea vizuri tu, mwanangu." Mara ya tano au ya sita yule mama alianza kujibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. Swali lilikuwa halali, lakini lilihusu binti mwenyewe, si kazi. Ukimuuliza mtu mzima wa Kiafrika kama wewe ni mzuri, adabu itamlazimu aseme ndiyo. Na ukimuuliza kila siku, ataona una hofu, hata kama huna.

Wiki ya nne alibadili njia. Kwanza alifungua daftari lake la kumbukumbu za mafunzo, lile ambalo chuo humtaka ajaze kila siku, akahesabu. Alikuwa ameandaa rasimu 23. Kisha akalinganisha rasimu zake na nakala zilizotumwa, ambazo hubaki kwenye jalada la kila mzigo. Ofisi ilimruhusu kuyafungua majalada hayo, kwa kuwa kuyapanga ilikuwa mojawapo ya kazi zake. Sita zilikuwa zimebadilishwa kabla ya kutumwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nne kati ya hizo zilihusu uzito. Tamko hutaka uzito wa aina mbili: uzito wa bidhaa yenyewe, na uzito wa bidhaa pamoja na vifungashio vyake. Yeye alikuwa akiandika namba moja sehemu zote mbili. Magunia 300 ya kilo 100 ni kilo 30,000 za mahindi, lakini magunia matupu 300 nayo yana uzito wake. Ni kilo chache kwa mzigo wa tani 30, ila namba mbili zinazofanana kabisa humfanya ofisa asimamishe jicho na kuuliza kama kweli mzigo ulipimwa.

Mbili zilizobaki hakuzielewa. Katika zote, namba ya kutambulisha bidhaa ilikuwa imebadilishwa kutoka 1005.10 kuwa 1005.90.

Hapo alikuwa na kitu cha kuulizia. Hakumvamia mkuu wake asubuhi wakati wateja wamejaa. Kila ofisi ina saa yake ya utulivu, na katika ile ilikuwa baada ya karatasi za siku kutumwa, kabla ya kufunga. Tena hakutaka aulize palepale. Aliomba miadi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimefika nusu ya fildi. Nimepitia rasimu zangu zote, nimeona sita ulizirekebisha. Nne nimeelewa kosa. Mbili sijaelewa. Kesho jioni naomba dakika kumi na tano unioneshe, ili wiki nne zilizobaki nisikurudishie kazi hiyohiyo."

Katika maneno hayo hakuna "samahani kwa usumbufu", wala "najua mimi ni mzito kuelewa". Hajajishusha, wala hajajikweza. Ametaja kosa lake kabla ya kutajiwa, kwa hesabu, na mtu asiyejiamini hafanyi hivyo kwa kawaida, kwani huyaficha makosa na kutumaini hayataonekana. Zaidi ya hapo, ameonyesha faida ya mkuu wake katika jambo hilo: kazi ya kurekebisha itapungua.

Kesho yake alikuja na majalada mawili tu. Kuja na yote sita kungemgharimu yule mama saa nzima. Aliweka rasimu yake na nakala iliyotumwa pembeni kwa pembeni, akauliza swali moja: "Kwa nini hapa si 10 bali ni 90?"

Jibu lilichukua dakika tatu. Namba 1005.10 ni ya mahindi ya mbegu, yaani ya kupanda. Mahindi mengine yote, yakiwemo ya kusaga unga, ni 1005.90. Kwenye ankara mwenye mzigo alikuwa ameandika "mahindi mbegu bora", akisifia bidhaa yake kama wauzaji tulivyozoea, naye binti akachukua neno "mbegu" kama lilivyo. Karatasi ile ingefika upande wa pili ikisema mbegu, maofisa wangedai vibali vya mbegu ambavyo mwenye mahindi ya kula hana, na lori lingelala. (Nanyi wafanyabiashara, tafadhali: sifa za bidhaa ziacheni sokoni. Kwenye ankara andikeni mahindi ya chakula.)

Kisha akauliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote: "Ukipokea rasimu yangu, unaanza kuangalia wapi?" Hakuuliza "unanionaje". Alimtaka mtu mzoefu amwoneshe jicho lake linakwenda wapi kwanza. Yule mama akafikiri kidogo, akasema huanza na ankara na orodha ya vifungashio, anazisoma pamoja kabla hata ya kutazama tamko, kwa sababu zikipishana hizo mbili, tamko haliwezi kuwa sahihi. Wiki nne alikuwa amekaa naye chumba kimoja, na hakuwahi kumwambia hivyo. Mtu hatoi maelezo ya jambo alilolizoea mpaka aulizwe namna hiyo.

Yako mambo ambayo humharibia mtu hata akiwa na swali zuri. La kwanza ni kujitetea. Ukiambiwa kosa kisha ukajibu "lakini ankara ndiyo ilisema hivyo", umeshafunga mlango, hata kama ankara kweli ilisema hivyo. Andika ulichoambiwa, uliza pale tu usipoelewa, shukuru, ondoka. La pili ni kuuliza watu watatu swali lilelile. Katika ofisi ndogo watazungumza, na wa kwanza ataona hukuliamini jibu lake. Wakubwa wawili wakikupa maelekezo yanayopingana, rudi kwa anayesaini tamko na umuulize kuhusu jalada hilo hilo: "Kwa mzigo huu, nifuate ipi?" Usiwataje kwa kuwachonganisha. La tatu ni kujilinganisha na mwanafunzi mwenzako. Mkuu hawezi kukujibu bila kumsema mwingine, basi atakupa jibu la kukuondoa.

Vipi ukija na majalada yako, na bado ukaambiwa "uko sawa tu"? Hutokea, hasa kwa mkuu mpole au aliyechoka. Usirudie swali. Lipunguze: "Kama ni kitu kimoja tu ningebadilisha wiki hii, kiwe kipi?" Mtu aliyeshindwa kueleza kazi yako nzima huwa hashindwi kutaja kitu kimoja. Na akikosa hata hicho, muombe akuachie mzigo mmoja mdogo uuandae mwanzo hadi mwisho, naye aweke alama kwa kalamu pale atakapobadilisha, badala ya kubadilisha kwenye kompyuta. Mizigo ya wafanyabiashara wadogo, ile yenye thamani isiyozidi dola 2,000 inayopita kwa cheti rahisi cha uasili, inafaa sana kwa hili. Karatasi zake ni chache, na alama ya kalamu huonekana mara moja.

Kuna mkuu ambaye atajibu kwa ukali. Mpaka ni mahali pa kelele, na wengine walifunzwa kwa kufokewa. Toa kwenye ukali huo sehemu inayohusu karatasi, uiandike, nyingine iache ipite.

Kwa nini iwe wiki ya nne? Wiki ya kwanza hujaandaa kitu cha kukaguliwa. Wiki ya nane fomu ya tathmini ya chuo inajazwa, na chochote utakachoambiwa hapo hakina muda wa kurekebishwa. Katikati una kazi ya kutosha nyuma yako na siku za kutosha mbele. Pia msimamizi kutoka chuoni hupita wakati wa mafunzo, na hukaa kidogo tu. Humuuliza mkuu wako unaendeleaje, na mkuu atasema anachokikumbuka.

Binti yule alirudi kwa mkuu wake mara moja tu baada ya hapo, wiki ya sita. Aliweka mezani rasimu tisa alizoandaa tangu siku ile, akasema moja ndiyo iliyorekebishwa, na haikuwa ya uzito wala ya namba ya bidhaa. Alikuwa amekosea namba ya lori kwa tarakimu moja. Yule mama aliitazama, akacheka, akamwambia hilo hata yeye bado humtokea, ndiyo maana humpigia dereva amsomee kibao kabla hajatuma.