Picha Pekee Haziuzi Kazi ya Msanifu

Tovuti nyingi za wasanifu majengo zimejaa picha za nyumba zinazong'aa, na chini ya kila picha jina la mradi na mwaka, basi. Anayetafuta mtu wa kumchorea zahanati hutazama, huvutiwa, kisha huondoka bila kujua msanifu huyo hufikiri vipi. Alitaka kujua kiwanjani palikuwa na tatizo gani, na ni uamuzi gani ulilitatua.

Tuchukue shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoisanifu Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001. Kwa picha tu, ni jengo refu la matofali lenye paa la bati. Maelezo mafupi yangeweza kusomeka hivi:

"Kijiji kilihitaji madarasa. Fedha zilikuwa chache, na darasa la bati huko hugeuka tanuri. Kuta zilijengwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, na wanakijiji walishiriki ujenzi. Bati halikulazwa moja kwa moja juu ya kuta, bali liliinuliwa kwa kenchi nyepesi za chuma, likaachwa mbali na dari ya matofali yenye mianya. Hewa ya moto hupanda kupitia mianya hiyo, na upepo unaopita chini ya bati huiondoa. Mwaka 2004 shule ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan."

Aya hiyo husomwa kwa chini ya dakika moja, na kila sentensi inabeba sababu. Hakuna "ya kisasa" wala "ya kipekee", maneno ambayo kila msanifu huyatumia na hayamtofautishi yeyote. Kando yake weka picha ya jengo zima, picha ya watoto wakiwa darasani, na mchoro wa mkato unaoonyesha nafasi kati ya dari na bati. Mchoro huo ndio wengi huuacha, ilhali ndio unaothibitisha kwamba uliyoyasema yamo ndani ya jengo.

Picha zenyewe zipunguzwe kabla ya kupandishwa. Moja iliyotoka kwenye kamera huweza kufika megabaiti kumi; ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 2000 hivi, mara nyingi hushuka chini ya nusu megabaiti, na mwenye simu ya bando dogo ataifungua. Taja pia aliyepiga picha, mhandisi na mkandarasi. Nyumba ya mtu usiiweke bila idhini yake, na mtaa usiutaje.

Kisha mpe ukurasa huo jirani asiyejua usanifu. Akimaliza, muulize tatizo lilikuwa nini. Akikujibu "nyumba ni nzuri," andika upya.