Chumvi, sukari, ndimu ya unga na waya wa shaba

Zoezi la miungano ya kikemia shuleni huja mara nyingi kama jedwali la kujaza: dutu inayeyuka kwa joto gani, inapitisha umeme au haipitishi, kisha useme kama ni ya ayoni, ya kovalenti au ya metali. Vitu vya jikoni vinatosha kulijaza, na vinaonyesha vizuri mahali ambapo jedwali hilo huwapotosha wanafunzi. Chukua chumvi, sukari, ndimu ya unga na kipande cha waya wa shaba.

Kifaa cha kupimia ni betri tatu za tochi zilizofuatana, taa ndogo ya tochi ya kisasa pamoja na rezista ya kuilinda, na vijiti viwili vyeusi vya ndani ya penseli vya kugusisha kwenye kitu kinachopimwa. Umeme wa ukutani usitumike kabisa, kwani unaua.

Anza na vitu vikavu. Ukigusisha vijiti kwenye shaba, taa inawaka papo hapo. Katika metali, elektroni za nje si mali ya atomu moja. Zinatembea kati ya atomu zote, na betri inazisukuma tu kuelekea upande mmoja. Kwenye chumvi kavu taa haiwaki, jambo linalowashangaza wengi, maana chumvi yote ni chaji tupu. Kila atomu ya sodiamu imeipa klorini elektroni moja, zote mbili zimekuwa ayoni, moja chanya na nyingine hasi, nazo zimepangana kwa zamu huku kila moja ikishikwa na jirani zake wa pande zote. Chaji zipo, lakini haziwezi kuondoka mahali pake. Umeme unahitaji chaji inayosafiri.

Hapa ndipo majibu huharibika. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na utando mwembamba wa maji juu ya chembe zake unatosha kuwasha taa hafifu, mwanafunzi akaandika kwamba chumvi kavu inapitisha umeme. Ikaange kwanza, iache ipoe, ndipo uipime. Unyevu huohuo ulimfaa Humphry Davy kule London mwaka 1807. Potashi kavu ilikataa kupitisha umeme, akaiacha hewani kwa sekunde chache ilowe kidogo juu. Umeme ukapita, potashi ikayeyuka, na potasiamu ikaonekana kwa mara ya kwanza.

Sasa koroga kila unga kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa kutoka kwenye mvuke, baada ya kuyapima yenyewe kwanza. Maji ya bomba yana madini yaliyoyeyuka, nayo yanaweza kuwasha taa bila msaada wa chochote. Maji ya chumvi yanawasha taa kwa nguvu, kwa sababu ayoni zimeachana na zinaogelea. Usiache vijiti humo muda mrefu, kwani gesi ya klorini hutoka kwenye kimojawapo. Maji ya sukari hayawashi kitu. Molekuli zake zimetawanyika zikiwa nzima, bila chaji.

Ndimu ya unga ndiyo inayowanasa wengi. Ikiwa kavu haipitishi umeme. Ndani ya maji taa inawaka, ingawa kwa udhaifu kuliko kwa chumvi. Wengi huandika hapo hapo kuwa ni dutu ya ayoni. Si kweli. Ni asidi iliyojengwa kwa molekuli za kovalenti, na baadhi yake, zikikutana na maji, huachia ayoni za hidrojeni. Ayoni hizo zinazaliwa ndani ya maji. Kwenye unga mkavu hazikuwemo.

Kipimo cha umeme peke yake hakiwezi kutenganisha chumvi na ndimu. Joto linaweza. Tia chembe chache kwenye kijiko cha chuma juu ya moto. Ndimu iliyokaushwa huyeyuka kwenye nyuzi 153 za Selsiasi, na sukari karibu na 186 huku ikianza kuungua na kuwa kahawia. Chumvi itapasuka na kurukaruka, na wengine hudhani inayeyuka, kumbe ni maji yaliyonaswa ndani ya chembe yanayotoka kwa kishindo. Chumvi yenyewe inasubiri nyuzi 801. Kijiko cha alumini kingeyeyuka kabla yake, kwenye 660.

Tofauti hiyo inatokana na kile ambacho joto linalazimika kukiachanisha. Kwenye ndimu linatenganisha molekuli na molekuli, zinazoshikana kwa nguvu ndogo; muungano wa kovalenti ulio ndani ya kila molekuli haukuguswa. Kwenye chumvi hakuna molekuli, hivyo joto hupambana na mvuto wa ayoni zenyewe. Ndiyo maana si sahihi kuandika kwamba muungano wa kovalenti ni dhaifu. Vijiti vya penseli vina grafiti, kaboni tupu iliyoungana kwa kovalenti katika matabaka mapana, na hakuna moto wa jikoni utakaoiyeyusha. Tena inapitisha umeme, kwa kuwa kila atomu yake imeshikana na jirani watatu na elektroni ya nne imebaki huru kutembea ndani ya tabaka.