Faida ya Meneja au Faida ya Soko?

Mwaka 1968 mchumi wa Kimarekani, Michael Jensen, alichapisha utafiti wa mifuko 115 ya uwekezaji wa pamoja ya Marekani. Alikuwa amekusanya hesabu zao za kuanzia 1945 hadi 1964, miaka ambayo soko la hisa la nchi hiyo lilipanda sana. Karibu kila meneja alikuwa na faida ya kuonyesha. Lakini Jensen hakuuliza nani amepata faida kubwa. Aliuliza faida hiyo imetoka wapi.

Jibu lake halikuwapendeza mameneja. Kwa wastani, baada ya kukatwa gharama, mifuko ile ilikuwa nyuma kwa takriban asilimia 1.1 kwa mwaka ikilinganishwa na kile ambacho mtu yeyote angepata kwa kubeba kiasi kilekile cha hatari bila kuchagua hisa hata moja. Hata gharama za uendeshaji ziliporudishwa kwenye hesabu, wastani ulibaki chini ya sifuri kwa asilimia 0.4.

Njia aliyoitumia ingali ndiyo hatua ya kwanza ya kila mchambuzi anayekabidhiwa rekodi ya meneja au ya mkakati wa biashara ya hisa. Kinachofanyika ni kuchukua faida za mfuko mwezi baada ya mwezi, kuziweka sambamba na faida za fahirisi ya soko, na kuzipitisha kwenye hesabu ya takwimu iitwayo rigresheni. Hesabu hiyo hutoa namba mbili. Ya kwanza ni beta, inayoonyesha mfuko husogea kiasi gani soko linaposogea kwa asilimia moja. Ya pili ni alfa, yaani kinachobaki baada ya sehemu ya soko kuondolewa. Mwaka wa mvua nzuri hata mkulima mvivu huvuna. Beta hupima mvua, alfa hupima jembe.

Kabla ya yote, kila faida hupunguzwa kwa riba ya dhamana za serikali za muda mfupi, kwa kuwa riba hiyo ingepatikana bila kubahatisha chochote. Kinachoingia kwenye hesabu ni ziada juu ya riba hiyo, kwa mfuko na kwa fahirisi vilevile.

Tuchukue mfuko wa kubuni wenye rekodi ya miezi sita. Namba zote ni asilimia, na riba ya dhamana imeshaondolewa.

| Mwezi | Fahirisi | Mfuko |
|---|---|---|
| 1 | 4.0 | 6.3 |
| 2 | -2.0 | -2.7 |
| 3 | 3.0 | 4.0 |
| 4 | -5.0 | -7.8 |
| 5 | 6.0 | 8.7 |
| 6 | 0.0 | -0.7 |

Muuzaji wa mfuko huu ana hadithi nzuri. Wastani wa fahirisi ni asilimia 1.0 kwa mwezi, wa mfuko ni 1.3. "Tumelishinda soko," atasema, na kwa maana moja hadanganyi.

Sasa itazame miezi mmojammoja. Soko lilipopanda kwa 6, mfuko ulipanda kwa 8.7. Liliposhuka kwa 5, mfuko ulianguka kwa 7.8. Mfuko unafuata njia ileile ya soko, ila kwa hatua ndefu zaidi. Katika programu ya majedwali kama Excel, fahirisi ikiwa safu ya B na mfuko safu ya C, amri mbili zinatosha:

```
=SLOPE(C2:C7,B2:B7)
=INTERCEPT(C2:C7,B2:B7)
```

Ya kwanza inatoa 1.5, ambayo ni beta. Ya pili inatoa -0.2, ambayo ni alfa ya kila mwezi. Kuhakiki ni rahisi: wastani wa mfuko, 1.3, ukiutoa beta mara wastani wa soko, yaani 1.5 mara 1.0, unabaki na upungufu wa 0.2.

Maana yake kwa mwenye fedha ni hii. Angeweza kukopa shilingi 50 kwa kila 100 alizonazo, akanunua fahirisi nzima kwa 150 zote, kisha akakaa. Iwapo angekopeshwa kwa riba ya dhamana za serikali, wastani wake ungekuwa 1.5 kwa mwezi, na angetikiswa na soko kwa kiasi kilekile. Meneja aliyejigamba kwa 1.3 amempa pungufu. Kilicholishinda soko ni ukubwa wa dau tu, na mwezi wa nne unaonyesha dau hilo hugharimu nini soko linapogeuka.

Hesabu hii hutenda haki kwa upande wa pili pia. Katika utafiti wa Jensen wastani wa beta ulikuwa 0.84, maana yake mifuko mingi ilikuwa na tahadhari kuliko soko. Mfuko wa namna hiyo ukiachwa nyuma wakati soko linapanda, si lazima meneja awe mzembe. Rigresheni humpimia kwa hatari aliyoibeba, si kwa ile ambayo hakuibeba.

Hata hivyo alfa ya -0.2 katika mfano wetu haitoshi kumhukumu meneja. Miezi sita ni michache, na kila mwezi una bahati yake. Programu hiyohiyo ina amri ya LINEST ambayo, pamoja na alfa, hutoa kipimo cha jinsi alfa hiyo inavyoweza kuyumba kwa bahati tupu. Katika mfano wetu kipimo hicho ni takriban 0.2, sawa na alfa yenyewe. Desturi ya watakwimu ni kudai alfa iwe angalau mara mbili ya kipimo hicho kabla ya kuiamini. Kwa hiyo yanayoweza kusemwa hapa ni mawili tu: ziada ya mfuko inaelezwa yote na beta, na hakuna ushahidi wa ustadi wala wa kukosa ustadi.

Sharti hilo la mara mbili ni gumu kuliko linavyosikika. Chukua meneja mwenye ustadi wa kweli wa asilimia 2 kwa mwaka, ambaye faida zake, soko likishaondolewa, hupanda na kushuka kwa asilimia 6 hivi kwa mwaka. Ili alfa yake ifikie mara mbili ya kipimo cha bahati, inahitajika rekodi ya miaka 36. Wengi huwa wamestaafu kabla ya hapo. Ndiyo sababu rekodi ya miaka mitatu, hata ikiwa ya kuvutia, haithibitishi mengi kuhusu alfa. Beta ni tofauti: mara nyingi hujidhihirisha mapema, kwa kuwa misukosuko ya soko huiweka wazi mwezi hadi mwezi.

Ipo hitilafu nyingine isiyotibiwa na miaka mingi, nayo ni bei zilizolala. Mfuko ukiwa na mali isiyouzwa kila siku, kama vile hatifungani za kampuni ndogo au hisa ambazo hazimo sokoni, meneja hulazimika kukadiria bei yake mwisho wa mwezi. Makadirio huchelewa. Soko likianguka kwa asilimia 10 mwezi huu, mfuko unaweza kuandika hasara ya 3 mwezi huu, 4 mwezi ujao, na 3 mwezi unaofuata. Hasara yote ni 10, lakini rigresheni inayolinganisha mwezi kwa mwezi inaiona ile 3 ya kwanza tu. Itatoa beta ya karibu 0.3 kwa mfuko ambao kwa kweli una beta ya 1. Soko likiwa linapanda kwa miaka, sehemu yote ya soko iliyofichika huhamia upande wa alfa, na meneja huonekana fundi.

Mwaka 2001 Clifford Asness, Robert Krail na John Liew walilionyesha hilo kwa mifuko ya kinga ya Marekani, ile ya watu wenye uwezo, inayoruhusiwa kukopa na kuuza hisa isizomiliki. Walichukua fahirisi ya mifuko hiyo ya kuanzia Januari 1994 hadi Septemba 2000. Kwa hesabu ya kawaida ya mwezi kwa mwezi, beta ilikuwa 0.37. Walipoongeza faida za soko za miezi mitatu iliyotangulia kama safu za ziada na kuzijumlisha beta zote, ikafika 0.84. Alfa iliyokuwa juu ya sifuri ikaangukia chini yake. Mifuko iliyouzwa kwa jina la kinga dhidi ya soko ilikuwa imelibeba soko karibu lote.

Dawa yenyewe ni ya zamani zaidi. Elroy Dimson aliieleza mwaka 1979 kwa ajili ya hisa zinazouzwa kwa nadra. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam tatizo hili halipo mbali, kwa sababu baadhi ya kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hapa hukaa siku nyingi bila hisa zao kubadilisha mikono, na bei inayoonekana ubaoni ni ya muamala wa zamani. Anayepima mfuko wenye hisa za namna hiyo aweke safu ya mwezi uliopita kando ya safu ya mwezi huu. Safu hiyo ikitoa beta kubwa, bei za mfuko zimelala.

Mtego wa mwisho umo kwenye fahirisi yenyewe. Fahirisi nyingi zinazotajwa kwenye taarifa za habari, S&P 500 ikiwemo, huhesabu bei peke yake bila gawio. Mfuko kwa upande wake hupokea gawio na kulihesabu kama faida. Ukiwalinganisha hao wawili, gawio lote la mwaka hugeuka alfa ya bandia. Vilevile mfuko wa kampuni ndogo ukipimwa kwa fahirisi ya kampuni kubwa, tofauti kati ya makundi hayo mawili huandikwa kama ustadi wa meneja. Ndiyo sababu Eugene Fama na Kenneth French, mwaka 1993, waliongeza kwenye hesabu safu mbili zaidi, moja ya ukubwa wa kampuni na nyingine ya urahisi wa bei ya hisa ikilinganishwa na thamani ya mali kwenye vitabu vya kampuni.

Yote haya yana uzito kwa sababu ya ada. Beta inaweza kununuliwa kwa bei ndogo kupitia mfuko wa fahirisi, wakati mifuko ya kinga kwa desturi imetoza asilimia 2 ya mtaji kwa mwaka na asilimia 20 ya faida. Kwa hiyo anayeletewa rekodi ya kuvutia aombe faida za kila mwezi baada ya ada, za miaka mitano au zaidi, atafute fahirisi inayojumuisha gawio na inayofanana na mali iliyomo kwenye mfuko, kisha aifanye hesabu mwenyewe. Akikuta beta ya 1 na alfa inayozunguka sifuri, asikubali kulipa ada ya ustadi.