Nani Kasema Nini? Kazi ya Kuongoza na Kurekodi Mjadala wa Kikundi

Anayenukuu mjadala wa kikundi hukaa na kompyuta, hedifoni masikioni, akisikiliza maneno machache, akisimamisha, akiandika, kisha akirudisha nyuma kuhakikisha. Anamsikia mwanamke akisema kwamba usiku wa joto chandarua hakilaliki. Baada ya dakika mbili sauti nyingine, au pengine ileile, inalalamikia joto. Mpaka mjadala unakwisha, joto limetajwa mara tano. Je, waliolalamika ni wanawake watano, au ni mmoja aliyerudia mara tano? Kama rekodi yenyewe haimjibu, hakuna mchambuzi atakayeweza kumjibu baadaye, hata awe bingwa kiasi gani.

Swali hilo ndilo linalotofautisha mjadala uliorekodiwa na data inayofaa kuchambuliwa. Jibu lake halitafutwi mezani baada ya kazi. Linaandaliwa na yule anayeongoza mjadala, tangu washiriki wanapoketi.

Mjadala wa kikundi kwa ajili ya utafiti ni mazungumzo ya watu wachache, kwa kawaida kati ya 6 na 10, wanaofanana kwa jambo linalohusu utafiti. Huchukua saa moja hadi saa moja na nusu na huongozwa na mwezeshaji mwenye maswali yasiyozidi saba au manane. Njia hii ina historia inayofundisha. Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Paul Lazarsfeld alikuwa akiwakusanya watu kusikiliza vipindi vya redio. Walibonyeza kitufe chekundu kwa kilichowachukiza na cha kijani kwa kilichowapendeza, halafu wakaulizwa sababu. Mwenzake, Robert Merton, alialikwa kutazama. Hakuridhika na maswali ya muulizaji, kwani yalikuwa yakiwavuta watu kwenye majibu fulani. Lazarsfeld akamwambia aongoze mwenyewe. Kutokana na kazi hiyo Merton akaja kuandika kanuni za mahojiano ya namna hii. Yaani tangu siku za mwanzo tatizo lilikuwa lilelile tulilonalo leo: muulizaji akimlisha mtu maneno, rekodi hurudisha maneno ya muulizaji.

Tuchukue mfano. Kikosi cha utafiti kinataka kujua kwa nini katika kijiji fulani cha mwambao wa Tanzania kaya zina vyandarua vya kuzuia mbu, lakini usiku mwingi vinabaki vimefungwa fundo juu ya kitanda. Wamealikwa wanawake wanane wenye watoto chini ya miaka mitano. Wanaume watakuwa na kikundi chao siku nyingine, na mabibi chao, kwa sababu mkwe akiketi na mama mkwe wake kuna mengi hatayasema. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyesaidia kuwaalika, anashukuriwa kwa heshima na kuombwa awapishe. Akibaki hata pembeni, kila jibu litakuwa limeelekezwa kwake.

Wanaoendesha kazi ni wawili. Mwezeshaji anaongoza mazungumzo. Mwandishi anaketi nyuma kidogo, haulizi swali, na jukumu lake kubwa si kuandika kila kinachosemwa. Kinachosemwa kitabaki kwenye kinasa sauti. Yeye anaandika kile ambacho sauti haikishiki.

Kabla ya kuanza, mwezeshaji anaeleza utafiti unahusu nini, anaomba ridhaa ya kushiriki, kisha anaomba ridhaa ya kurekodi peke yake. Akitokea mmoja asiyetaka sauti yake irekodiwe, ama wote wanaendelea bila kinasa sauti na mwandishi anajitahidi kwa kalamu, ama yeye anaruhusiwa kuondoka bila kulaumiwa. Mwezeshaji anasema pia ukweli ambao wengi huuruka: kikosi kitaficha majina, lakini hakiwezi kuwadhamini washiriki wenyewe kwamba hawatasimulia nje. Kwa hiyo kila mmoja aseme lile analoweza kulisema mbele ya majirani.

Kisha kila mwanamke anapewa kadi yenye namba, 1 hadi 8, anayoibandika kifuani. Mwandishi anachora duara la viti na kuandika nani kakaa wapi, umri wake na idadi ya watoto wake. Swali la kwanza ni jepesi na linajibiwa na kila mtu kwa zamu: taja namba yako na utuambie shughuli unayofanya asubuhi. Jibu lenyewe halitachambuliwa. Faida yake ni kwamba anayenukuu sasa ana sampuli ya kila sauti iliyofungwa na namba yake. Akipotea katikati ya mjadala, anarudi mwanzo kulinganisha.

Vinasa sauti ni viwili, kimoja upande huu wa duara na kingine upande wa pili, kwa kuwa kimoja kikizima katikati hakuna namna ya kuwarudisha wanawake wanane waseme upya. Simu inafaa kuwa cha pili, ikiwa imewekwa kwenye hali ya ndege ili isikatizwe na mtu anayepiga. Kila kimoja kinalazwa juu ya khanga iliyokunjwa, maana meza tupu hupitisha kila mgongo wa glasi na kila kiwiko. Wanarekodi dakika moja ya majaribio na kumsikiliza aliye mbali zaidi, anayeongea taratibu kuliko wote. Soda na biskuti zinasubiri mwisho, kwa sababu mlio wa pakiti hufunika maneno. Mvua ikianza kupiga bati, mjadala unasimama. Ni afadhali kungoja robo saa kuliko kupata saa nzima ya kelele.

Sasa linakuja swali lenyewe. Mwezeshaji mgeni wa kazi huuliza, "Je, mama zangu, mnatumia vyandarua?" na wote huitikia kwa pamoja, "Ndiyooo!" Rekodi ya itikio hilo haina thamani. Si kwamba wanadanganya. Wameulizwa swali lenye jibu moja la adabu, wakalitoa. Mwezeshaji mzoefu anauliza hivi: "Hebu tusimulieni, usiku wa joto kama huu wa mwezi wa pili, watu wa hapa wanalalaje?" Kisha ananyamaza. Ukimya wa sekunde tano humtisha mwezeshaji, lakini mara nyingi ndani yake ndimo anamozungumza mtu aliyekuwa akisita.

Hivi ndivyo kipande cha mjadala kama huo kinavyoonekana kikishanukuliwa. MW ni mwezeshaji, na P ni mshiriki na namba yake:

P5: Sisi wote tunalala ndani ya chandarua, tumeelimishwa.
MW: Ahsante mama. Na wengine, kwenu ikoje?
[kimya]
P2: Mimi niseme kweli. Joto likizidi mtoto analia, nakitoa.
[P1, P3 na P7 wanaitikia kwa kichwa]
MW: Naona namba moja, namba tatu na namba saba mnaitikia kwa kichwa. Hebu namba saba, tuambie.
P7: Kile kinazuia upepo. Nyumba yangu dirisha moja, tena dogo.
P5: Ni kweli. Hata mimi alfajiri nakipandisha juu kidogo.
[wanacheka, wanaongea kwa pamoja]
MW: Mama zangu, mmoja mmoja, nisipoteze neno la mtu. Namba nne ulianza.

Tazama kazi aliyoifanya mwezeshaji. Vichwa vinavyotikisika havirekodiwi, basi akavitaja kwa sauti pamoja na namba zake. Sauti zilipogongana akazitenganisha bila kumkaripia mtu. Hakumpinga P5 wala hakumsifu P2. Angesema "vizuri sana" baada ya jibu fulani, wengine wangejua ni jibu lipi linalotakiwa. Iwapo mmoja angezidi kuongea, angemwambia, "Tumekusikia mama, ngoja tupate na upande huu," huku akiugeuza mwili wake kuelekea wengine.

Mwandishi naye, kila mtu anapoanza kusema, anaandika namba na maneno mawili matatu ya mwanzo: "2 – niseme kweli", "7 – kile kinazuia". Orodha hiyo ndiyo itakayomwongoza anayenukuu pale sauti mbili zinapofanana. Pembeni anaandika aliyeinamisha kichwa, na dakika jirani alipopita mlangoni sauti zikashuka.

Washiriki wakishaondoka, wawili hao wanabaki kwa dakika 20 au 30, kinasa sauti kikiwa bado kimewashwa, wakijiuliza: nini kimetushangaza, nani hakuzungumza, swali gani limekwama? Siku hiyohiyo faili linapewa jina linaloeleweka, mfano `KIK02_wanawake_2025-02-18.mp3`, na kunakiliwa sehemu mbili zenye nywila. Orodha ya majina halisi, kama ipo, inatunzwa mbali na namba.

Unukuzi unataka subira. Saa moja ya mahojiano ya mtu mmoja huchukua takribani saa 4 hadi 6 kuiandika, na ya kikundi huzidi hapo. Maneno yanaandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na lahaja na sentensi zilizokatika. Neno lisilosikika linawekewa alama na dakika yake, [haisikiki 23:40], badala ya kubuniwa. Anayepamba maneno ya mshiriki ili yasomeke vizuri ameanza kuchambua kabla ya wakati, tena bila kumwambia mtu.

Hapo ndipo mchambuzi anapovuna. Anapitia mstari kwa mstari akiweka vibandiko: "joto", "muundo wa nyumba", "jibu la adabu". Kwa kuwa kila mstari una namba, anaona mambo matatu ambayo muhtasari ungeyafuta. Malalamiko ya joto yalianzishwa na P2, yakaungwa mkono na wanne, na mmoja wa hao, P5, alikuwa amedai kinyume dakika moja kabla. P7 ameitaja sababu inayorekebishika, yaani dirisha. Na P6 hakusema lolote juu ya joto, kwa hiyo hana haki ya kumhesabu miongoni mwa waliokubali. Akilinganisha na vikundi vingine ataona kama jambo linajirudia. Utafiti wa Greg Guest na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba vikundi viwili au vitatu vya watu wanaofanana vilitosha kufichua zaidi ya asilimia 80 ya mada walizozipata katika vikundi 40.

Hata hivyo wanawake wanane si kijiji. Ripoti itakayoandika kwamba "asilimia 62 ya wanawake hawatumii vyandarua kwa sababu ya joto" itakuwa imekosea, kwani kikundi hakikuchaguliwa kwa ajili ya kuhesabu, na P5 ametuonyesha jinsi mtu anavyobadili kauli akiwasikia wenzake. Mambo ya siri, kama ugomvi wa ndoa kuhusu nani alale wapi, yanafaa mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Mjadala huu unatupa jambo jingine: sababu zenyewe, kwa lugha ya wenyewe, na mpangilio wa namna watu wanavyothubutu kuzitaja. Ripoti ya haki itaandika hivi: katika kikundi hiki, mwanamke mmoja alipokiri kuondoa chandarua usiku wa joto, wenzake kadhaa walimuunga mkono, na mmoja wao akahusisha joto hilo na udogo wa dirisha. Kutokana na sentensi hiyo, kikosi kinajua swali la kuweka kwenye dodoso litakalopita kaya hadi kaya, na kinajua kwamba fundi anayejenga nyumba kijijini hapo naye anastahili kuulizwa.