Kwa nini bei ya kilo humponza mwokaji wa keki

KEKI mbili zinaweza kutoka katika oveni moja, zikiwa na unga, mayai na sukari ya kiasi kile kile, na bado moja ikamletea mwokaji faida huku nyingine ikimla mtaji. Jambo hili huwatatiza wengi wanaookea nyumbani jijini Nakuru na katika miji ya Naivasha, Gilgil, Njoro na Molo, pindi wanapoacha kuoka kwa kujifurahisha na kuanza kupokea oda za sherehe za kuzaliwa, arusi na ruracio.

Chanzo cha tatizo ni mazoea ya soko ya kuuza keki kwa kilo. Mteja anapopiga simu huuliza kwanza kilo moja ni pesa ngapi, naye mwokaji hutaja bei aliyoisikia kwa jirani. Lakini kilo hupima uzito tu. Haipimi saa ambazo mwokaji ameinama mezani akisuka ukingo wa kiondo kwa sukari, wala haionyeshi gesi iliyochomeka na sanduku lililonunuliwa. Anayetaka keki imlipe hana budi kuanza na gharama ya keki nzima iliyokamilika, kisha ndipo aigawanye kwa kilo ikiwa mteja anataka kusikia hesabu ya namna hiyo.

Jambo la kwanza ni kujua kilo hizo zinatoka wapi. Chukulia mwokaji wa Lanet aliyeagizwa keki ya vanila ya kilo mbili, iliyopakwa krimu ya siagi. Anapima gramu 400 za unga, gramu 400 za majarini, gramu 400 za sukari, mayai manane na mililita 100 za maziwa. Yai la kawaida likivunjwa hutoa takriban gramu 50, kwa hivyo rojo lote lina uzani wa karibu kilo 1.7. Likiwa ndani ya oveni, rojo hupoteza maji, na keki hutoka ikiwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mwokaji akishakata kilele ili keki ilale sawa, hubaki na kilo 1.4. Krimu ya gramu 600 ndiyo inayofikisha kilo mbili alizoahidi.

Aliyedhani kwamba kilo mbili za rojo ni kilo mbili za keki atakuwa amempunja mteja bila kukusudia, au atalazimika kuoka tena usiku. Ndiyo maana mizani ya jikoni ni chombo cha kwanza cha biashara hii. Kikombe hakifai, kwa kuwa unga ulioshindiliwa na unga uliopepetwa hujaza kikombe kimoja kwa uzani tofauti.

Gharama ya keki ya kawaida

Bei za dukani hubadilika kila wakati, hivyo zinazofuata ni za mfano na kila mwokaji anafaa kuweka za risiti zake. Pakiti ya unga ya kilo mbili ikiwa Sh180, gramu 400 ni Sh36. Majarini ya Sh350 kwa kilo itagharimu Sh140, sukari ya Sh150 kwa kilo itagharimu Sh60, na mayai manane kutoka trei ya Sh450 yatagharimu Sh120. Maziwa ni Sh12, nayo bekingi poda na vanila zikikadiriwa kuwa Sh32, keki yenyewe inafika Sh400. Krimu ina gramu 200 za siagi, ambazo ni Sh240, na gramu 400 za sukari laini, ambazo ni Sh120. Viungo vyote basi ni Sh760.

Wengi hukomea hapo, ilhali keki haijatoka nyumbani. Sanduku na ubao wa kuiwekea ni Sh250. Kuhusu gesi, njia rahisi ni kuandika tarehe mtungi unapofungwa na kuhesabu keki zilizookwa hadi uishe. Mtungi wa kilo 13 ulionunuliwa kwa Sh3,200 ukitoa keki 40 za ukubwa huu, kila moja imetumia Sh80. Umeme, maji na sabuni vinaweza kuwekewa Sh30. Mwishowe hutengwa asilimia 10 ya thamani ya viungo, yaani kama Sh80, kwa ajili ya vitu vinavyoharibika. Jumla ni Sh1,200.

Fungu hilo la uharibifu lina sababu yake katika Bonde la Ufa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko juu zaidi. Mahali pa juu kama hapo mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hivyo viputo vya gesi ndani ya rojo hutanuka upesi kabla ya keki kushikamana. Keki huumuka kwa haraka, kisha hudidimia katikati. Mapishi yaliyofaulu Mombasa yanaweza kuharibika hapa bila mwokaji kukosea hatua yoyote. Dawa yake ni kupunguza bekingi poda kwa karibu robo, kuongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa, na kupandisha moto kidogo, kisha kujaribu kwa keki ndogo. Keki za majaribio nazo ni gharama, na zinafaa kuandikwa daftarini. Mwokaji ambaye keki moja katika kila tano inadidimia atagundua kuwa asilimia 10 haimtoshi, na kwamba ni nafuu kurekebisha vipimo kuliko kupandisha bei.

Saa za kazi

Baada ya vitu huja kazi. Ununuzi, kuchanganya, kuoka, kupaka krimu na kuosha vyombo vikichukua saa nne, na saa moja ikithaminiwa kwa Sh150, ujira ni Sh600. Kipimo kizuri cha thamani ya saa ni kiasi ambacho mwokaji angelazimika kumlipa msaidizi wa kufanya kazi hiyo kwa ustadi huo huo. Ujira huu haupaswi kuchanganywa na faida, kwa kuwa siku oda zitakapoongezeka na msaidizi akaajiriwa, fedha hizo zitakuwa zake, na biashara ambayo haikuzihesabu itakwama.

Yapo pia matumizi yanayogawanywa kwa mwaka. Mashine ya kuchanganyia na tini za kuokea za jumla ya Sh36,000, zikidumu miaka mitatu kwa mwokaji anayeuza keki 150 kila mwaka, ni Sh80 kwa keki. Kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha uchunguzi wa afya cha wanaoshika chakula, na gharama ya simu vikiwekewa Sh120, fungu hili linakuwa Sh200. Keki ya kilo mbili sasa imegharimu Sh2,000. Mwokaji akiongeza asilimia 20 iwe faida, bei ni Sh2,400, sawa na Sh1,200 kwa kilo.

Kutokana na hesabu hiyo, athari ya kufuata bei ya jirani inaonekana wazi. Keki hiyo ikiuzwa kwa Sh800 kila kilo, mapato ni Sh1,600. Vitu vikilipiwa Sh1,200 na fungu la mwaka likitengwa, zinabaki Sh200 kwa kazi ya saa nne, yaani Sh50 kwa saa. Mwokaji huona noti mkononi na kudhani amepata faida, kumbe mashine inachakaa bila akiba ya kununua nyingine.

Hata punguzo dogo hudai uangalifu. Mteja akiomba apunguziwe asilimia 20 ya Sh2,400, anaomba Sh480, ilhali faida yote ni Sh400. Asilimia 20 ya gharama si sawa na asilimia 20 ya bei. Kadhalika, anayefikisha mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka huingia katika kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia tatu. Hutozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida, na kwa keki hii ni Sh72.

Keki ya kiondo

Chukulia sasa kwamba mteja wa Bahati anataka keki ya ruracio yenye umbo la kiondo, kutoka rojo lile lile. Keki hukatwa kwa kisu hadi ipate umbo, kwa hivyo inahitajika nyongeza ya Sh150 kufidia vipande vinavyoondolewa. Gramu 800 za fondanti, ikiwa Sh500 kwa kilo, ni Sh400, na rangi pamoja na vijiti vya kushikilia ni Sh150. Gharama ya vitu inapanda kutoka Sh1,200 hadi Sh1,900.

Badiliko kubwa zaidi liko katika saa. Kusuka kiondo kwa fondanti kunaifikisha kazi nzima saa 10, ambazo ni Sh1,500. Ukiongeza fungu la mwaka la Sh200, gharama ni Sh3,600, na bei yenye faida ile ile ni Sh4,320. Mteja akishikilia kwamba aliagiza kilo mbili na kwamba kilo ni Sh1,200, atalipa Sh2,400, na mwokaji atabaki na Sh300 kwa saa 10. Hata fondanti ikipimwa na keki kuwa kilo 2.8, malipo yatakuwa Sh3,360, chini ya gharama.

Kwa sababu hiyo, ni vyema oda iandikwe kabla ya viungo kununuliwa, ikieleza iwapo uzito unajumuisha fondanti, nani atalipia usafiri, na lini malipo ya awali hayarudishwi. Nusu ya Sh4,320 ni Sh2,160, kiasi kinachotosha kulipia vitu vyote hata mteja akighairi. Usafiri nao uhesabiwe kando, maana keki ya kupelekwa Naivasha, mwendo wa takriban kilomita 70, haiwezi kubeba nauli sawa na ya kwenda Section 58.

Endapo bei imemshinda mteja, kinachofaa kupunguzwa ni kazi. Keki ya mviringo isiyochongwa, iliyofunikwa kwa fondanti ile ile na kuchorwa tu mistari ya kiondo, haina vipande vya kutupwa na inaweza kukamilika kwa saa sita. Vitu vitakuwa Sh1,750, ujira Sh900 na fungu la mwaka Sh200. Gharama yake ni Sh2,850 na bei ni Sh3,420. Mteja ameokoa Sh900 na kupata sura ya kiondo aliyoitaka, na mwokaji amelipwa kila saa aliyoifanyia kazi.