Barua ya madai ya bima ya mazishi kutoka ughaibuni

Mama amefariki nyumbani Ndago, wilayani Iramba. Mwanawe yuko Maskati, na ndiye aliyekuwa akilipa bima ya mazishi kila mwezi. Singida watu huzika mapema, mara nyingi kesho yake, kwa hiyo jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji vimelipiwa kwa michango na mikopo kabla barua yoyote haijaandikwa. Fedha ya bima itakuja kulipa deni.

Barua yenyewe iwe fupi: namba ya mkataba, jina la marehemu kama lilivyo kwenye mkataba, tarehe na mahali alipofia, sababu ya kifo kama inajulikana, uhusiano wa mdai na marehemu, na akaunti ya kulipia. Kurasa mbili za majonzi hazimsaidii mkaguzi wa madai. Yeye anatafuta mambo matatu: kwamba aliyekufa ndiye aliyekatiwa bima, kwamba kipindi cha kusubiri kilikuwa kimekwisha na malipo ya bima hayakukatika, na kwamba anayedai ndiye mwenye haki.

Ugumu huanzia kwa aliyefia nyumbani. Hospitali hutoa taarifa yake ya kifo, lakini kwa kifo cha kijijini shahidi wa kwanza ni ofisa mtendaji wa kijiji. Ndugu aliyeko Ndago aripoti kwake kabla ya mazishi, achukue kibali cha mazishi, kisha kifo kisajiliwe RITA kupitia ofisi ya wilaya iliyoko Kiomboi ndani ya siku 30. Ukichelewa, usajili hudai uthibitisho zaidi. Familia nyingi huweka kibali mfukoni na kudhani yamekwisha, kumbe kampuni inataka cheti cha kifo.

Halafu majina. Mkataba unasema baba wa marehemu ni Ally, kitambulisho cha NIDA kinasema Ali, na cheti kikafuata karani alivyosikia. Hapo dai husimama. Dawa yake ni kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, kikieleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja, kiambatishwe na kitambulisho. Kwa uhusiano, cheti cha kuzaliwa cha mwana kinachomtaja mama kina nguvu kuliko barua ya mtendaji, ingawa barua hiyo nayo iambatishwe. Kifo cha ajali huongeza taarifa ya polisi.

Mwana akitaka mdogo wake aliyeko Singida afuatilie, ampe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa ubalozini. Ujumbe wa simu hautoshi.

Nakala zipigwe muhuri na wakili, halisi zibaki nyumbani, na kila kilichopokelewa kitiwe saini na tarehe. Kampuni ikikataa, idaiwe sababu kwa maandishi, kwa kuwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ataanza kwa kuisoma karatasi hiyo.