Tani 30 kwa Mwenye Kiwanda cha Unga

Mwenye kiwanda cha unga akipokea barua ya kikundi cha wakulima, hatafuti historia ya kikundi wala idadi ya semina walizohudhuria. Anatafuta tani. Na hapo ndipo vikundi vingi hujikwaa, kwa kuwa huandika mavuno yote yanayotarajiwa kana kwamba hakuna atakayekula.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa mahindi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako soko la nafaka la Kibaigwa liko jirani. Wanachama ni 48, kila mmoja ana ekari 2, na wamekubaliana kukadiria magunia 7 ya kilo 100 kwa ekari. Jumla ni magunia 672. Lakini kila nyumba itaweka magunia 6 ya chakula, kwa hiyo 288 yanaondoka. Yanabaki 384, yaani tani 38 na ushee. Kikundi makini hakitaahidi 38. Kitaahidi 30, kwa sababu mvua za Dodoma hazina mkataba na mtu, na yuko mwanachama atakayeuza gunia mbili tatu kabla ya siku ya mizani. Tena tani 30 ni kiasi kinachoweza kupakiwa kwenye lori moja lenye tela, na mnunuzi hupenda kuhesabu kwa malori. Pendekezo liandikwe Machi au Aprili, mahindi yakiwa shambani, ili mnunuzi akitaka kuja kuyaona ayaone.

Kwenye ubora, neno “mahindi safi” halitoshi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu ya aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja. Unyevu ni hesabu ya pesa. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 tu za punje kavu; likikaushwa hadi 13.5 linabaki na kilo 95 hivi. Mnunuzi anayelipa kilo 100 hapo amenunua kilo 5 za maji, na akishalijua hilo atakata bei kwa kukisia, na makisio yake hayatamwonea huruma mkulima. Ni afadhali barua iseme wazi kwamba bei ni ya mahindi yenye unyevu wa 13.5, na kwamba yanayozidi hapo yatarudi kwenye turubai.

Sumukuvu ni ngumu zaidi, maana jicho haliwezi kuihakikisha, na kukausha huzuia ukungu usiendelee lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Isitoshe, haikai sawasawa: punje chache zaweza kuharibu shehena, na konzi moja iliyochotwa juu ya gunia ikaonekana salama. Kwa hiyo pendekezo liseme sampuli itachukuliwa kwa bambo kutoka magunia mengi, ichanganywe, kisha igawanywe mara tatu: ya mnunuzi, ya kikundi, na ya tatu ifungwe kwa lakiri isubiri ugomvi. Vipimo vifanyike ghalani kabla ya kupakia. Kikundi kinachokubali shehena ikapimwe kiwandani tu, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, kimejifunga mikono: lori likikataliwa huko, nauli ya kurudi pekee itawafanya wapokee bei yoyote. Uzito nao upimwe kwa kilo, kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, lumbesa isitajwe kabisa.

Malipo ndiyo yanayovunja mikataba mingi kuliko ubora. Kiwanda hupenda kulipa baada ya siku 30. Mwanachama anadaiwa ada leo, na mlanguzi yuko mlangoni na noti mkononi. Kikundi chetu kingependekeza asilimia 70 ilipwe lori likishapakiwa na hati ya uzito kusainiwa, na 30 ndani ya siku 7 baada ya kushusha. Bei ikiwa shilingi 700 kwa kilo, kwa mfano, shehena ni milioni 21, na milioni 14.7 zinaingia kwenye akaunti ya kikundi kabla lori halijaondoka. Nasema akaunti ya kikundi, si simu ya mwenyekiti.

Bei yenyewe isifungwe mwezi Machi. Ikipanda sokoni, wanachama watatoroka. Ikishuka, mnunuzi atagundua kasoro kwenye kila gunia. Njia inayovumilika ni kuweka bei ya chini isiyoguswa, kisha bei halisi ifuate wastani wa Kibaigwa wa wiki ya kupakia. Iandikwe pia nani analipa ushuru wa halmashauri, wapakiaji na magunia.

Kinachosahaulika mara nyingi ni lori kuchelewa. Mahindi yaliyokwisha kukusanywa ghalani yanaliwa na dumuzi, na mwanachama anaanza kuulizia gunia lake. Barua iseme: zikipita siku 5 baada ya tarehe iliyokubaliwa, kikundi kina ruhusa ya kuuza kwingine, na malipo ya awali ya mnunuzi, kama yalitolewa, yatarudishwa baada ya kukata gharama za ghala.